Miso imechacha, imeota ukungu au haitaki kuiva: tafuta kosa lilipo

Mtu akinipigia simu kuniambia miso yake, lile rojo zito la Kijapani la soya, mchele na chumvi, imeharibika, simuulizi imekuwa na rangi gani. Namuuliza chumvi aliipima kwa kitu gani. Akinijibu "kikombe", nusu ya kazi imeshakwisha. Akisema alitumia mzani, namuuliza koji yake, yaani mchele aliouotesha ukungu, ilinuka vipi siku ya pili. Kwa miaka niliyokuwa nikitengeneza miso hapa Dar es Salaam, mitungi mingi iliyonisumbua, yangu na ya wengine, kosa lake lilikuwa sehemu hizo mbili, na lilifanyika kabla mfuniko haujafungwa. Yale yanayotutisha miezi ya baadaye, kama utando juu, maji meusi au harufu ya pombe, mara nyingi si ugonjwa.

Ili tuelewane, nianze na kipimo ninachokitumia. Ni cha miso nyekundu ya nyumbani, ile ambayo familia za Kijapani huitengeneza Januari na Februari wakati wa baridi na kuiacha ipite kiangazi. Soya kavu kilo 1, koji ya mchele kilo 1, chumvi gramu 450. Soya inalowekwa saa 18 hivi, inachemshwa mpaka punje ipondeke kirahisi katikati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha inatwangwa. Ikishaiva inakuwa na uzito wa kilo 2.2 hivi. Chumvi inachanganywa kwanza na koji, halafu vyote viwili vinakandwa pamoja na soya iliyopoa. Unafinyanga matonge, unayabamiza ndani ya chombo ili hewa itoke, unashindilia, unanyunyiza chumvi kidogo juu, unafunika kwa karatasi ya nailoni iliyolala juu ya miso yenyewe, kisha unaweka uzito wa kilo moja hivi. Pakiti ya chumvi ndani ya mfuko inatosha.

Koji ni mchele uliopikwa kwa mvuke ukaoteshwa ukungu mweupe wa kufugwa. Anayejua togwa ataelewa upesi. Kwenye togwa, kimea ndicho kinachogeuza uji mzito kuwa mwepesi na mtamu, kwa sababu punje iliyochipua ina vimeng'enya vya kuvunja wanga. Koji inafanya kazi hiyohiyo na kuongeza nyingine, maana ina vimeng'enya vinavyovunja pia protini ya soya mpaka itoe ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Kwa hiyo ukungu wenyewe hauishi ndani ya miso. Chumvi inauzima siku ile ile unapochanganya. Kinachobaki kufanya kazi miezi yote ni vimeng'enya ulivyoviotesha ndani ya siku mbili. Koji ikiwa mbovu, hakuna muda utakaoiokoa.

Koji inanuka vibaya, inateleza, ukiigusa inavutika nyuzi

Koji nzuri inanukia kama karanga mbichi zilizoanza kukaangwa, na utamu kidogo. Ikinuka mkojo au soksi, na punje zikishikana kwa ute unaovutika, ukungu umeshindwa na bakteria wameshika nafasi yake. Ni jamaa ya wale bakteria ambao Wajapani huwatumia makusudi kutengeneza nato, soya yenye utelezi. Kwenye nato wanatakiwa, kwenye koji ni wavamizi. Tupa, osha vyombo kwa maji yanayochemka, anza upya. Usijaribu kuikausha juani ukadhani imepona.

Sababu ni mbili na kwa kawaida zinakuja pamoja: mchele una maji mengi, halafu umepata joto kupita kiasi.

Sisi tumelelewa na wali, tena wengine tunaupenda ubwabwa. Mchele wa koji hautakiwi kuwa wali. Unaoshwa mpaka maji yatoke safi kabisa, unalowekwa usiku kucha, unachujwa saa mbili nzima, kisha unapikwa kwa mvuke tu, maji yasiuguse, kama dakika 50. Punje ikiwa tayari inakuwa laini na yenye kunesa ndani lakini kavu nje, na ukizimwaga kwenye sinia zinaachana. Kipimo kisichodanganya ni mzani. Kilo 1 ya mchele mkavu ikitoka kwenye mvuke inatakiwa iwe na kilo 1.35 mpaka 1.4. Ukikuta kilo 1.6, hata kama inapendeza macho, huo ni wali. Ule na maharage, usiupoteze kwa kuupandia mbegu za ukungu.

Joto nalo lina hadithi yake. Maelezo mengi yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi, kwa hiyo yanahimiza blanketi, chupa za maji ya moto na taa. Mtu wa Mombasa au Dar akiyafuata neno kwa neno anaichemsha koji yake. Mchele ukishapoa hadi nyuzi 35 unapandwa mbegu, na kwa saa 18 hivi za mwanzo unakaa kimya kabisa, unahitaji joto la nyuzi 30 tu. Hapa kwetu chumba kinatosha bila taa. Baada ya hapo ukungu unaamka na kuanza kutoa joto lake wenyewe, na lundo lililokuwa na nyuzi 31 saa mbili usiku linaweza kufika 44 kabla ya adhana ya alfajiri. Mimi iliwahi kunitokea hivyo hasa. Nililala nikiwa na raha, nikaamshwa na harufu.

Dawa yake ni kuipanga saa yako. Pandia mbegu jioni, kama saa kumi na mbili, ili kuamka kwa ukungu kuangukie mchana wa kesho ukiwa macho. Punje zikianza kuwa na vumbi jeupe na lundo likawa na joto kuliko mkono wako, livunje kwa mikono, litandaze kwenye sinia unene wa vidole viwili, chora mifereji kama ya shamba la viazi, na funika kwa kitambaa chepesi chenye unyevu. Rudia kila likifika nyuzi 38. Likivuka 42, fungua kitambaa na upepee. Kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama ni cha lazima. Hisia ya mkono haitofautishi 38 na 43, na tofauti hiyo ndiyo koji yenyewe.

Koji imeota mabaka, sehemu nyingine ni mchele mtupu

Hili si la kutisha. Ama mbegu hazikusambaa, ama mchele ulikauka juu kabla ukungu haujashika. Mbegu ni unga mwepesi sana, gramu moja au mbili kwa kilo ya mchele, kwa hiyo changanya kwanza na kijiko cha unga wa ngano uliokaangwa bila mafuta, ukapoa, kisha nyunyiza kwa chujio la chai kwa awamu tatu ukigeuza mchele kila awamu. Ukiwa na feni chumbani, izime. Koji ya mabaka unaweza kuitumia, ila miso itachelewa, kwa sababu unakuwa umelipia kilo moja ya mchele ukapata nusu kilo ya kazi.

Koji imegeuka kijani

Hapa naomba usome polepole. Ukungu wa koji ukiachwa zaidi ya saa 48 hivi unaanza kutengeneza mbegu zake, na mbegu hizo ni za manjano yakielekea kijani cha zeituni. Kama ulipandia mbegu ulizonunua kwa muuzaji anayeaminika, rangi imeenea sawasawa na harufu bado ni nzuri, umechelewa tu. Miso itakuwa na harufu ya vumbi na uchungu kidogo. Wakati mwingine simamisha kazi kwenye saa ya 42 au 44, kila kitu kikiwa cheupe kama kimemwagiwa unga, kwa kuchanganya na chumvi papo hapo.

Lakini kuna watu huku kwetu wanaosema: mbegu ni ghali na zinatoka mbali, kwa nini nisiuache wali wazi uote ukungu wenyewe? Au nichukue koji yangu ya zamani iliyoota kijani, niitumie kama mbegu mwaka hadi mwaka? Jibu langu ni hapana. Ukungu wa koji ni ndugu wa karibu sana wa ule unaotoa sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Hata rangi yao ya kijani inafanana. Wajapani walimchagua na kumfuga huyu asiye na sumu kwa karne nyingi, na mwaka 2006 chama chao cha wataalamu wa utengenezaji wa pombe kikautangaza kuwa ukungu wa taifa. Wetu wa porini haujafugwa na mtu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2016 ikaja kuua watu Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa chumvi ya miso.

Kwa hiyo nunua mbegu, zihifadhi kwenye friji zikiwa kavu, na kila koji ipandwe kutoka kwenye pakiti, si kutoka kwenye koji ya jana. Ukiona madoa meusi, ya waridi au ya rangi ya chungwa kati ya weupe, tupa yote. Kilo moja ya mchele haina thamani ya ini lako.

Miso imechacha, inauma ulimi kama maziwa mgando

Ukali kidogo ni wa kawaida, kwa sababu ndani ya miso wapo bakteria wapole wanaovumilia chumvi na kutengeneza asidi kiasi. Ninaouzungumzia hapa ni ule uchachu unaokufanya ufumbe jicho, pengine na mapovu, ndani ya wiki chache tu. Hiyo ni chumvi ndogo.

Wifi yangu wa Tanga alinipigia wiki ya tatu baada ya kushindilia mtungi wake wa kwanza.

"Wifi, imeumuka kama unga wa maandazi, na ukionja ni kama mtindi."

"Chumvi ulipima kwa nini?"

"Kikombe kimoja na nusu, kama ulivyoniambia."

Nilikuwa nimemwambia gramu 450. Yeye akakumbuka kwamba kikombe cha chumvi kina gramu 300, na ni kweli kwa chumvi laini ya mezani. Yeye alitumia chumvi ya mawe, ambayo chembe zake ni kubwa na katikati yake kuna hewa. Nikampa kazi ya kuipima kwenye mzani: kikombe kile kile kilikuwa na gramu 210. Kikombe kimoja na nusu kwa hiyo kilikuwa gramu 315. Halafu akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba soya ilikuwa ngumu kukandika, akaongeza maji ya kuchemshia kama mililita 400.

Tupige hesabu yake. Soya iliyoiva kilo 2.2, koji kilo 1, chumvi gramu 315, maji gramu 400. Jumla ni gramu 3,915. Chumvi ni asilimia 8 ya jumla. Kwenye kipimo changu jumla ni gramu 3,650 na chumvi ni zaidi kidogo ya asilimia 12.

Tofauti ya 12 na 8 inaonekana ndogo, lakini vijidudu haviishi kwenye jumla. Vinaishi kwenye maji yaliyomo ndani ya miso, na chumvi yote iko kwenye maji hayo. Kwenye kipimo changu soya iliyoiva inabeba maji kama kilo 1.3 na koji kama gramu 300, jumla kilo 1.6. Gramu 450 za chumvi zikiyeyuka humo zinatengeneza maji chumvi ya asilimia 22, yaani makali mara sita hivi kuliko maji ya bahari. Humo bakteria wa kuozesha hawafui dafu. Wanabaki wachache wapole na hamira inayopenda chumvi. Kwenye mtungi wa wifi maji yalikuwa kilo 2 na chumvi gramu 315, yaani asilimia 13 na kitu. Alipunguza chumvi na kuongeza maji kwa wakati mmoja, na kila kosa likalizidisha lile jingine. Ongeza na joto la Tanga mwezi wa Machi.

Ndiyo maana nasema soya ikiwa ngumu kukandika usiongeze maji tu. Ongeza maji yaliyotiwa chumvi, gramu 28 kwa kila mililita 100, na hayo yatoke kwenye maji ya kuchemshia yaliyopoa. Ukandaji unalainika na ukali haushuki.

Je, mtungi wake uliweza kuokolewa? Uliweza, kwa sababu alipiga simu mapema na haukuwa na uvundo, ulikuwa na uchachu tu. Ili gramu 3,915 zifike asilimia 12 zilihitajika gramu 180 za chumvi zaidi. Alimwaga yote kwenye beseni safi, akanyunyiza chumvi iliyosagwa laini, akakanda mpaka isionekane chembe, akashindilia upya na kuweka uzito. Kuumuka kulisimama. Uchachu uliokwisha kuingia haukutoka, na hautoki. Chumvi inazuia usiongezeke tu. Miezi minne baadaye miso hiyo ilikuwa kali kidogo kwa supu, ila kwa kupaka samaki kabla ya kuchoma ilikuwa nzuri kuliko yangu, jambo ambalo hachoki kunikumbusha.

Kama ingekuwa inanuka mzoga au mayai viza, ningemwambia atupe bila kuonja.

Mtu ataniuliza: mbona miso nyeupe tamu ya Kyoto ina chumvi asilimia 5 au 6 na haiharibiki? Kwa sababu ile ina koji mara mbili ya soya, inaliwa baada ya wiki chache na inakaa kwenye baridi. Ni chakula cha friji. Usichukue chumvi ya miso nyeupe ukaipa miezi ya miso nyekundu kwenye stoo ya Kigamboni.

Kuna kitu kimeota juu

Kitatokea, karibu kwa hakika. Chumvi inalinda ndani, juu kuna hewa. Cha kufanya ni kuangalia kwa makini kabla ya kupiga kelele.

Utando mweupe, bapa, wenye mikunjo kama maziwa yaliyochemka yakapoa, usio na manyoya, ni hamira ya juu. Haina madhara, lakini ladha yake ni mbaya, kwa hiyo usiuchanganye ndani. Ukwangue. Ukungu wenye manyoya, mweupe au wa kijani cha bluu, ondoa pamoja na sentimita mbili za miso chini yake, ukitumia kijiko kisichogusa sehemu nzima. Miso ni nzito na ina chumvi, nyuzi za ukungu haziendi mbali. Ukishakwangua, futa kingo za chombo kwa kitambaa chenye konyagi (Wajapani hutumia pombe yao kali ya shochu kwa kazi hii), nyunyiza chumvi, lalisha nailoni upya bila kuacha hewa chini yake. Hewa hiyo ndiyo sababu yenyewe. Chombo kilichojaa nusu na mfuniko tu, bila nailoni na bila uzito, kitaota kila mwezi hata ukikwangua kwa imani.

Ukikuta weusi wa kuteleza, rangi ya waridi au ya chungwa, au ukungu uliozama kwenye ufa mpaka katikati, hapo hukwangui tena. Huo ufa ni hewa uliyoifungia siku ya kushindilia, yale matonge hayakubamizwa.

Miezi sita imepita, bado ni maharage na chumvi

Miso inayokataa kuiva ina harufu ya soya mbichi, rangi yake haijasogea, na chumvi inakaa mbele ya ulimi peke yake. Uliza kwanza ulichanganya soya ikiwa na joto gani. Wengi wanakanda ikiwa bado inatoa moshi kwa kuwa ni laini zaidi. Vimeng'enya vya koji vinakufa kwenye joto la nyuzi 60 na zaidi, na soya iliyotoka kwenye presha kuka sasa hivi iko juu ya hapo hata kama nje imepoa. Subiri ishuke chini ya 40, uipime katikati ya lundo. Kama hilo ndilo kosa, kuna njia moja: ongeza koji mpya, gramu 300 hivi kwa mtungi wa kipimo changu, pamoja na gramu 40 za chumvi, uchanganye, uanze kuhesabu upya.

Sababu nyingine ni soya isiyoiva. Punje ikiwa na kiini kigumu siku ya kwanza, itakuwa na kiini kigumu mwakani; chumvi inaifunga. Soya ya zamani, iliyokaa gunia misimu miwili, inakataa kulainika hata ukiichemsha saa tano, kwa hiyo nunua ya msimu huu. Na kama uko Njombe au Limuru, huenda hakuna kosa lolote. Baridi inapunguza mwendo tu. Subiri mwaka.

Imekuwa nyeusi kabla ya wakati na ina uchungu

Hili ndilo tatizo letu sisi wa pwani. Rangi ya miso inatokana na sukari na protini iliyovunjika kukutana polepole, jambo lile lile linalotia rangi ganda la mkate, na joto linaliharakisha. Huko Okazaki, mkoa wa Aichi, miso ya Hatcho inayotengenezwa kwa soya tupu bila mchele inakaa kwenye mapipa ya mbao chini ya rundo la mawe ya mtoni kwa majira mawili ya joto na mawili ya baridi, na inatoka karibu nyeusi kwa makusudi. Lakini baridi yake imo kwenye hesabu. Dar haina baridi ya kuhesabu. Viwanda vya Japani vyenyewe vikitaka miso ya haraka huiweka kwenye vyumba vya nyuzi 30 hivi, na inakuwa tayari kwa miezi michache. Nyumba yako ni chumba hicho, mwaka mzima, bila kulipia umeme.

Kwa hiyo usihesabu mwaka kwa sababu umesoma mwaka. Onja ikifikisha miezi mitatu, kisha kila baada ya wiki mbili, ukichukua chini na si juu. Ukikuta ladha imekuwa ya mviringo, chumvi imejificha nyuma na rangi ni ya tangawizi iliyokaangwa au ya ukwaju, hamishia kwenye friji. Haitaganda, na mwendo wake utapungua sana. Ukiiacha stoo miezi tisa inaanza kuwa na uchungu wa kahawa iliyoungua, na huo haurudi nyuma. Chombo kikae sakafuni, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Chini ya bati ni kosa.

Ikishapita, ichanganye nusu kwa nusu na miso changa. Itaficha uchungu mwingi.

Mambo matatu ambayo si matatizo

Maji meusi yaliyopanda juu baada ya mwezi au miwili ni tamari, mchuzi wenyewe wa miso. Maana yake uzito ulifanya kazi. Yachote kidogo ukayatie kwenye wali, mengine yarudishe ndani utakapogeuza. Yasipoonekana kabisa mpaka miezi mitatu ipite, ongeza uzito.

Harufu ya pombe au ndizi mbivu, na mfuniko ulioinuka kidogo, ni hamira inayopenda chumvi ikila sukari ya mchele. Geuza miso, iliyokuwa chini iwe juu, ushindilie tena, na uache mfuniko upumue. Waislamu wengi huniuliza kuhusu hili. Hicho ni kiasi kidogo kinachojitokeza chenyewe, ila hukumu yake mwulize unayemwamini kwenye dini, si mpishi. Na kama konyagi hapo juu inakukera, maji ya moto na chumvi yanafuta kingo, ila utakwangua mara nyingi zaidi.

Chembe nyeupe ngumu kama mchanga ndani ya miso ya zamani, zisizo na manyoya wala harufu, ni sehemu ya protini ya soya iliyovunjika ikashindwa kuyeyuka, ikaganda kama fuwele. Zinapatikana pia kwenye jibini la zamani. Zikikukwaruza meno, saga miso kwenye kinu kabla ya kuitia kwenye supu, na uitie mwishoni, moto ukishazimwa.